Nani ana haki gani juu ya kiwanja hiki? Maswali ya wanafunzi wa sheria kuhusu umiliki, ukodishaji na haki ya kupita

Wakili, shamba la baba lina hatimiliki ya frihodi. Mbona mhadhiri anasema hata mwenye frihodi hana uhuru wote juu ya ardhi yake?
*Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, Kilifi*

Mhadhiri wako anakuandaa kwa mtihani. Fungua Sheria ya Usajili wa Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012. Kifungu cha 24 kinasema kwamba mtu akiandikishwa kuwa mwenye ardhi, usajili huo unampa umiliki kamili pamoja na haki zote zinazoambatana nao. Wanafunzi wengi huishia hapo. Soma na kifungu cha 25, usome mpaka mwisho. Kinakupa haki ambayo haiwezi kuvunjwa ovyo, halafu papo hapo kinasema haki hiyo iko chini ya mizigo iliyoandikwa kwenye rejista, na chini ya haki za kifungu cha 28 ambazo zinafunga ardhi hata kama hazikuandikwa popote.

Frihodi, yaani umiliki huru, maana yake kubwa ni kwamba haki yako haina tarehe ya kwisha. Baba yako akifariki inapita kwa warithi, na wao wakifariki inapita kwa warithi wao. Lakini madini yaliyo chini ya shamba hilo si yake, maana Ibara ya 62 ya Katiba inayahesabu kuwa ardhi ya umma. Serikali pia inaweza kulitwaa shamba kwa ajili ya barabara, mradi imlipe fidia ya haki na kwa wakati, kama Ibara ya 40 inavyotaka.

Sasa mchukue baba yako mwenyewe. Tuseme amekodisha pembe moja ya shamba kwa kampuni ya simu kwa miaka kumi ili isimamishe mnara. Ameliweka shamba zima dhamana benki. Na kwenye rejista amemwandikia jirani wa nyuma haki ya kupita ukingoni mwa shamba. Bado ni mmiliki huru? Ndiyo. Jina kwenye rejista ni lake. Kule pembeni, hata hivyo, kwa miaka kumi hawezi kuingia apendavyo. Benki nayo haikuchukua umiliki, kwa sababu chini ya sheria za Kenya dhamana ya ardhi ni ulinzi wa deni tu. Na ule ukingo hawezi kuujengea.

Ndiyo maana nawasihi mtoe kwenye karatasi zenu za mtihani sentensi ya "ardhi ni ya fulani". Andikeni nani ana haki gani, juu ya kipande kipi, kwa muda gani, na anaweza kuidai dhidi ya nani. Mkipata majibu ya hayo manne, maswali mengi ya ardhi yanajifungua yenyewe.

Nyanya ana nyumba Majengo, Mombasa, amezaliwa humo mama yangu. Lakini kila mwezi analipa kodi ya ardhi kwa mtu mwingine. Darasani tumefundishwa nyumba ni sehemu ya ardhi. Sasa nyumba ni ya nani?
*Mwanafunzi, Mombasa*

Umeuliza swali gumu kuliko yote yaliyonifikia, na ni swali letu hasa sisi wa Pwani. Nitalijibu taratibu.

Kanuni mliyofundishwa ni ya sheria ya Kiingereza: kilichoshikamanishwa na ardhi kinakuwa ardhi. Ukijenga ukuta wa mawe juu ya kiwanja cha mtu, ukuta unakuwa wake. Lakini kabla Waingereza hawajaleta kanuni hiyo, ukanda wa Pwani ulikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, na mambo ya mali yaliendeshwa kwa sheria ya Kiislamu na desturi za wenyeji. Humo mtu aliweza kumiliki minazi au nyumba huku udongo ukiwa wa mwingine. Mwenye kiwanja alimruhusu mtu kujenga, naye akalipa kodi ndogo. Nyumba aliiuza, aliirithisha, aliipangisha vyumba, bila ardhi kuhama mkono. Mwaka 1908 ikaja Sheria ya Hatimiliki za Ardhi, iliyowataka watu wa Pwani walete madai yao kwa msajili, na ardhi isiyodaiwa ikahesabika kuwa ya Ufalme wa Uingereza. Waliopata hati wakawa wenye ardhi. Waliokuwa na nyumba juu yake wakabaki na nyumba zao na kodi ya kila mwezi. Hicho ndicho watu wanakiita nyumba bila ardhi, na hadi leo kipo Majengo, Kisauni, Likoni na kwingineko.

Kwa hiyo nyumba ni ya nyanya. Kila mtu mtaani anajua hivyo, na mahakama za Pwani zimeshughulikia mpango huu kwa miaka mingi bila kujifanya haupo. Swali la mwanasheria liko chini ya nyumba. Nyanya ana haki gani juu ya udongo ule?

Tazama karatasi alizo nazo. Kwa kawaida utakuta kitabu cha risiti au bunda la risiti zilizofungwa kwa mpira, kila moja ikiwa na mwezi, kiasi, na maneno "kodi ya ardhi". Mara chache utakuta mkataba. Wengi humwita mtu wa namna hii mruhusiwa, yaani amekaa kwa hiari ya mwenye ardhi tu. Mimi naona ni hoja dhaifu pale ambapo nyanya amekaa peke yake, yaani bila mwenye ardhi kuingia apendavyo, kwenye kipande kinachojulikana mipaka na kodi inapokelewa kila mwezi. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 kinasema mwenye ardhi akimwachia mtu akae peke yake kwa kodi bila mkataba wa maandishi, ukaaji huo unahesabika kuwa upangaji wa kipindi. Kodi ikiwa ya mwezi, kipindi ni mwezi. Upangaji wa kipindi umo pia katika orodha ya kifungu cha 28 nilichotaja juu, kwa hiyo mwenye ardhi akiuza kiwanja, mnunuzi anakipokea pamoja na nyanya ndani yake.

Lakini usishangilie mapema. Upangaji wa mwezi unaweza kukatishwa kwa notisi ya mwezi. Ukikatishwa kihalali, nyanya anabaki na nyumba, yaani makuti au mabati, boriti, mlango na madirisha, na wajibu wa kuviondoa. Ndiyo sababu wenye ardhi wengi walikataza ujenzi wa mawe na saruji na kuruhusu udongo na miti. Nyumba ya udongo inabomolewa, ya saruji inadai kubaki. Pale ambapo mwenye ardhi ameona mpangaji akimwaga zege, akanyamaza au hata akampa moyo kwamba hatamwondoa, nyanya ana hoja ya usawa: si haki umwache mtu atumie fedha zake kwa kuamini neno lako kisha uligeuke. Hoja hiyo inataka ushahidi wa neno lenyewe au kitendo chenyewe. Kukaa muda mrefu tu hakuipi nguvu.

Na hapa wanafunzi huanguka. Wanaandika: "Amekaa miaka sitini, Sheria ya Ukomo wa Mashauri inasema miaka 12, basi ardhi ni yake." Hapana. Miaka 12 humfaa anayekaa kinyume cha haki ya mwenye ardhi, kama kwamba mwenye ardhi hayupo. Nyanya anakaa kwa ruhusa na kwa malipo. Kila risiti anayoitunza kwa uangalifu ni ushahidi kwamba anatambua ardhi ni ya mwingine. Risiti hizo hizo zinamlinda kama mpangaji na kumfungia mlango kama mdai wa umiliki. Zote mbili ni kweli kwa pamoja.

Ukitaka kumsaidia nyanya leo, mkataba wa maandishi wa ukodishaji wa miaka mingi, uliosajiliwa, utamfaa kuliko shauri lolote. Mwenye ardhi hupata kodi iliyopangwa vizuri, nyanya hupata muda. Au wajukuu wachange wanunue kipande kile. Ila kabla hamjatoa shilingi, fanyeni upekuzi kwenye rejista mjue anayepokea kodi ndiye aliyeandikishwa. Mara nyingi aliyeandikishwa ni babu yake, na mirathi haijafunguliwa.

Lizihodi ya miaka 99 ina tofauti gani na mtu aliyepanga chumba Bamburi? Si wote wanalipa kodi na mwisho wanaondoka?
*Mwanafunzi, Nairobi*

Lizihodi ni ukodishaji wa ardhi, kwa hiyo kwa aina ya haki wawili hao ni ndugu. Wote wawili wamepewa na mwenye ardhi haki ya kukaa peke yao kwa muda unaojulikana. Tofauti iko katika urefu wa muda na kinachofuata kutoka humo.

Mwenye lizihodi ya miaka 99 iliyosajiliwa ana cheti chake. Anaweza kuuza muda uliobaki, kuuweka dhamana benki, kuurithisha, na kukodisha humo ndani kwa wengine, alimradi masharti ya ukodishaji hayakukataza au amepata idhini inayotakiwa. Mpangaji wa chumba naye ana haki ya kweli, lakini fupi mno kuuzika. Kifungu cha 58 cha Sheria ya Ardhi kinaruhusu ukodishaji usiozidi miaka miwili, bila haki ya kuongeza muda, kufanywa kwa mdomo au kwa maandishi, na hausajiliwi.

Hesabu moja itakuonyesha kwa nini muda ndio roho ya lizihodi. Tuseme kiwanja Mombasa kilitolewa kwa miaka 99 kuanzia tarehe 1 Januari 1932. Muda wake unakwisha tarehe 31 Desemba 2030. Mtu anakinunua mwaka 2025 kwa bei ya kiwanja cha frihodi cha jirani. Amenunua nini? Miaka isiyozidi sita na masharti. Nyumba nzuri iliyo juu yake haibadilishi hesabu hiyo. Nimeona hati za mauziano zinazotaja ukubwa wa kiwanja, idadi ya vyumba na rangi ya geti, lakini hazitaji tarehe ambayo muda ulianza kuhesabiwa. Tarehe hiyo iko kwenye hati ya ukodishaji yenyewe. Itafute kwanza, na uangalie ni ya kuanza muda, maana tarehe ya kusajiliwa huweza kuwa miaka kadhaa baadaye.

Muda ukiisha, ardhi inarudi kwa aliyeikodisha, ambaye kwa viwanja vingi vya mjini ni serikali ya kitaifa au ya kaunti. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Ardhi kimempa raia wa Kenya aliyekuwa nayo nafasi ya kwanza ya kupewa tena, ikiwa haihitajiki kwa matumizi ya umma. Nafasi ya kwanza, narudia. Haikusema atapewa kwa lazima. Asiye raia hali yake ni nyingine tangu mwanzo: Ibara ya 65 ya Katiba inamruhusu kuwa na ardhi kwa ukodishaji tu, usiozidi miaka 99, hata kama hati yake imeandikwa kitu kikubwa zaidi.

Nakaa hosteli karibu na chuo. Nalipa kwa muhula, tunalala watu wanne, msimamizi anaingia kukagua anapotaka na anaweza kunihamisha chumba. Je, mimi ni mpangaji?
*Mwanafunzi, Malindi*

La. Wewe una ruhusa ya kukaa, inayotokana na mkataba.

Kipimo kinatoka katika shauri la Kiingereza la Street dhidi ya Mountford la mwaka 1985, ambalo mahakama zetu hulitumia kama mwongozo. Mkaaji, Mountford, alikuwa amekubali kwa maandishi kwamba anapewa leseni tu, yaani ruhusa ya kukaa. Mahakama ya juu ya Uingereza haikujali jina hilo. Iliangalia kilichotendeka: alikaa peke yake, kwa muda, kwa kodi, na hivyo alikuwa mpangaji. Wewe ni kinyume chake. Hata karatasi yako ikiandikwa "mkataba wa upangaji", huwezi kumfungia mlango mwenye hosteli, na wala huna chumba ambacho ni chako peke yako. Akikuondoa kinyume cha mkataba utamdai fidia. Lakini akiiuza hosteli, huwezi kusimama mbele ya mnunuzi ukasema ana wajibu kwako kwa sababu ya ardhi.

Nyumbani kwetu njia ya kwenda barabarani inapita shamba la jirani. Tumepita hapo tangu sijazaliwa. Jirani ameuza, na mnunuzi ameweka seng'enge na kutuambia hati yake haionyeshi njia yoyote. Tuna haki gani?
*Mwanafunzi, Kwale*

Hii ndiyo izimenti mnayoisoma: haki ya ardhi moja juu ya ardhi nyingine. Angalia nimesema haki ya ardhi. Shamba lenu ndilo linalonufaika, shamba la jirani ndilo linalobeba mzigo, na haki ikishakuwapo inasafiri na mashamba yote mawili kila yanapobadilisha wenyewe.

Sifa zake nne zilipangwa vizuri katika shauri la Ellenborough Park la mwaka 1956, lililohusu nyumba zilizozunguka bustani katika mji wa Weston-super-Mare nchini Uingereza. Kuwe na ardhi mbili, inayonufaika na inayobeba. Haki iifae ardhi ile, zaidi ya kumfaa mtu fulani. Wenye ardhi hizo wawe watu tofauti. Na haki iwe ya namna inayoweza kuandikwa kwenye hati ikaeleweka. Njia yenu inatimiza zote bila shida. Kazi iko kwenye kuonyesha jinsi haki ilivyozaliwa, na tuna milango mitatu ya kujaribu kwa zamu.

Wa kwanza ni hati. Huenda jirani wa zamani aliwahi kuandika haki hiyo kwa fomu inayotakiwa, ikisajiliwa pamoja na mchoro. Fanyeni upekuzi wa mashamba yote mawili. Mtu akikuambia "hati yangu haionyeshi", huenda ameangalia cheti alicho nacho nyumbani badala ya rejista. Kama imo kwenye rejista, kesi imekwisha.

Mlango wa pili ni muda. Kifungu cha 32 cha Sheria ya Ukomo wa Mashauri kinasema njia ikitumiwa kwa amani, wazi wazi, kama haki, bila kukatizwa kwa miaka 20, haki inakuwa kamili. Neno la kupigania hapa ni "kama haki". Wanasheria wa zamani walilipima kwa mambo matatu: hamkupita kwa nguvu, hamkupita kwa siri, na hamkupita kwa ruhusa. La tatu ndilo linaloua madai mengi ya vijijini kwetu, kwa sababu ya heshima zetu. Tuseme Bi Riziki amepita shamba la Mzee Salim tangu mwaka 2001. Mwaka 2010 Mzee Salim akalima karibu na njia, Bi Riziki akamwendea na kumwambia, "Mzee wangu, naomba uniachie nipite." Mzee akajibu, "Pita tu mwanangu." Kwa ujirani, ni mazungumzo mazuri. Kwa kifungu cha 32, kuanzia siku hiyo Bi Riziki anapita kwa ruhusa, na hesabu ya miaka aliyokuwa akiijenga imeharibika. Kwa hiyo unapomhoji mteja, usimwulize tu "mmepita miaka mingapi?" Muulize, "Je, kuna siku mliomba? Mlijibiwaje? Mliwahi kulipa chochote, hata debe la mahindi kwa mwaka?"

Kifungu hicho kina mtego mwingine ambao hata mawakili huukanyaga. Miaka 20 inayohesabika lazima iwe imeishia ndani ya miaka miwili kabla ya shauri kufunguliwa. Tuseme familia yenu ilipita tangu mwaka 1995 bila kuomba, na seng'enge iliwekwa Machi 2022. Mna miaka 27, inatosha na kusaza. Lakini mkikaa mnalalamika kwa chifu na kwa wazee mpaka Juni 2024 ndipo mwende mahakamani, matumizi yenu yameishia zaidi ya miaka miwili nyuma na hoja ya muda imeponyoka. Usuluhishi ni jambo jema, ila kesi ifunguliwe wakati usuluhishi unaendelea.

Na ile kauli ya mnunuzi kwamba hati yake haina njia? Kifungu cha 28 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi kimetaja haki zilizopatikana, au zinazoendelea kupatikana, kwa kupita kwa muda kuwa miongoni mwa zinazomfunga mwenye hati bila kuandikwa. Kimetaja pia haki za njia zilizokuwapo wakati ardhi iliposajiliwa mara ya kwanza. Mnunuzi alipaswa kwenda shambani akatazama. Njia iliyokanyagwa ikawa nyeupe katikati ya majani ni onyo tosha kwa mtu mwenye macho.

Ikiwa milango hiyo miwili imefungwa, mnabaki na wa tatu, na huu hauhitaji mjivunie miaka. Kifungu cha 140 cha Sheria ya Ardhi kinamruhusu mwenye ardhi iliyozingirwa, isiyo na njia ya kufaa ya kutokea, kuomba mahakama amri ya kupitia kwa jirani. Mahakama ya Mazingira na Ardhi itaangalia kama mna njia nyingine na ni ya namna gani, jinsi shamba lilivyofikia kuzingirwa, mwenendo wa pande zote, na ni nani atakayeumia zaidi, ninyi mkinyimwa au jirani akipitishiwa. Inaweza kuwatoza fidia, kuwataka mjenge ua, au kuichora njia mahali pengine panapomfaa jirani zaidi. Hii ya mwisho inawaudhi wateja, maana wanataka njia ile ile ya babu. Waeleze mapema: kwa kifungu cha 32 mnadai njia yenu, kwa kifungu cha 140 mnaomba njia.

Kwa kesi yenu ningefungua madai yote mawili katika shauri moja, la muda kwanza na la kuzingirwa kama akiba, na pamoja nayo ombi la haraka la kuzuia seng'enge mpaka kesi isikilizwe. Pigeni picha za njia leo, kabla majani hayajaifunika.

Kama tuna haki ya kupita kwa miguu, naweza kupitisha lori la mchanga? Na naweza kuchota huo mchanga humo humo?
*Mwanafunzi, Kwale, rafiki wa aliyeuliza juu*

Haki iliyopatikana kwa matumizi ya muda mrefu inabaki na upana wa matumizi yale. Mlipita kwa miguu na baiskeli, lori ni mzigo mpya ambao jirani hakuwahi kuubeba. Ikiwa haki imetolewa kwa hati, soma maneno ya hati.

Kuchota mchanga ni kitu kingine. Izimenti hukuruhusu kufanya jambo juu ya ardhi ya mwingine, kama kupita au kupitisha bomba la maji, au kumzuia mwenyewe asifanye jambo fulani. Haikuruhusu kuondoka na sehemu ya ardhi hiyo. Kuchukua kitu ni haki tofauti na inahitaji msingi wake. Wala huwezi kuegesha lori hapo siku nzima ukamzuia mwenye shamba kupatumia, kwa sababu haki ya kukaa peke yako juu ya kipande cha ardhi haiwi izimenti. Hiyo ni ukodishaji, rudi kwenye swali la hosteli ujipime.

Ukuta wa mtu binafsi umefunga njia ya kwenda baharini Nyali. Wavuvi na wananchi wanaweza kudai izimenti?
*Mwanafunzi, Mombasa*

Jiulize ardhi inayonufaika iko wapi. Mvuvi anayetoka Kongowea hana shamba jirani na ukuta huo. Anapita kama mwananchi, na kwa hiyo anachodai ni haki ya umma. Msingi wake ni tofauti: kama kipande kile kiliwahi kutengwa kuwa barabara, njia au uwanja wa wazi, kilikuwa ardhi ya umma, na swali linakuwa jinsi kilivyofika mikononi mwa mtu binafsi.

Mahakama ya Juu ya Kenya ilijibu swali la namna hiyo hiyo Aprili 2023, katika shauri la Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, na kiwanja chenyewe kilikuwa Nyali. Kaunti ilibomoa ukuta ili kufungua njia ya kufika ufukweni. Kampuni ikaja na hatimiliki yake, ikasema imenunua kihalali na Ibara ya 40 inailinda. Mahakama ikarudi nyuma mpaka kwenye ugawaji wa kwanza wa kiwanja hicho mwaka 1989. Ikakuta kwamba kilikuwa uwanja wa wazi wa umma, na kwamba utaratibu wa kukitoa haukufuatwa. Hati ya kwanza ikiwa mbovu, aliyeinunua baadaye hakupata hati nzuri, na hakuweza kujificha nyuma ya uaminifu wake kama mnunuzi. Kipengele cha sita cha Ibara ya 40 kinasema wazi kwamba ulinzi wa mali haufiki kwa mali iliyopatikana kinyume cha sheria.

Kwa hiyo katika kesi yako usianze na miaka waliyopita wavuvi. Nenda ofisi ya upimaji utafute ramani ya kwanza ya mgawanyo wa eneo lile, ile iliyochorwa shamba kubwa lilipokatwa viwanja. Tazama kama kati ya viwanja kuna ukanda mwembamba unaofika ufukweni ambao haukupewa namba ya kiwanja au uliachwa kuwa njia. Kisha tafuta faili la ugawaji, uone nani aliomba, nani aliidhinisha, na kama mpango wa eneo ulibadilishwa kwanza.